Maziwa yamechemka, mikono je?

"Tumewaambia miaka yote wachemshe maziwa. Mbona wafugaji wa huku Rongai bado wanaugua brusela?"

Huuliza hivyo wanaohimiza kuchemsha, maana brusela ni ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Katika maboma ninayoyajua, maziwa ya chai yamechemshwa tangu enzi za nyanya zetu. Kinachosahaulika ni mkono uliomzalisha ng'ombe.

Anayesisitiza sufuria ana hoja. Mchemko huua kijidudu cha brusela, na maziwa ya ng'ombe mmoja mgonjwa huweza kufika nyumba za Nakuru mjini ambazo watu wake hawajawahi kukanyaga zizi. Hata mala ya maziwa mabichi ina hatari, kwani uchachu pekee hauaminiki. Kwa mnunuzi, ushauri huo unatosha.

Mfugaji habari yake ni nyingine. Mtamba wa jirani yangu alitupa mimba ya miezi saba, kondo likakwama. Mwanawe akapandisha mkono wa shati akalivuta kwa mikono mitupu, vidole vikiwa na mikwaruzo ya seng'enge, kisha akawatupia mbwa. Hakuna mahali vijidudu hivi hujaa kama kwenye kondo na maji ya uzazi, na hupenya kwenye mkwaruzo, machoni, hata kwa pumzi. Wiki tatu baadaye kijana akaanza kulowesha shuka kwa jasho, homa ikipanda jioni, kiuno na magoti vikiuma. Akatibiwa malaria, halafu taifodi. Miezi miwili ilipita kabla ya mtu kumuuliza kama nyumbani kuna ng'ombe aliyetupa mimba. Akapimwa, akaandikiwa doksisaiklini na rifampisini za wiki sita. Wiki ya pili alipata nafuu, akataka kuziacha. Mamake akakataa, na vizuri, maana wanaokatiza dozi ndio ugonjwa huwarudia zaidi.

Yule mtamba je? Alibeba tena, akazaa salama, na jirani akasema amepona. Hapa ndipo ninapowatetea wafugaji wanaoitwa wabishi. Ng'ombe mwenye brusela kwa kawaida hutupa mimba mara moja tu, kisha huzaa ndama wazima huku akiendelea kumwaga vijidudu kila anapozaa, na mara kwa mara kwenye maziwa. Macho ya mfugaji yanaona ng'ombe mzima. Ukimwambia amchinje, anakuuliza nani atamlipa. Akimuuza mnadani, amehamishia ugonjwa kwa boma jingine. Nani angekubali hasara hiyo kwa mnyama anayejaza ndoo?

Kwa hiyo ningeanza na siku ya kuzaa. Anayetupa mimba atengwe na sampuli ichukuliwe. Kondo likikwama aitwe daktari wa mifugo. Likidondoka, liokotwe kwa glavu ndefu, lichomwe au lizikwe kwenye shimo refu lenye chokaa, na wanawake wajawazito wasisogee.

Jirani sasa ana glavu zinazoning'inia kwenye msumari juu ya mtungi wa maziwa. Mbwa bado hawafungi.