Suluhu ya Wazee Haina Budi Kufika kwa Hakimu

Katika mitaa mingi ya Mombasa, ndugu wakipigana huzuka mashauri mawili yanayokwenda sambamba. Aliyeumizwa ameshaandikisha ripoti kituoni na kupewa fomu ya P3, na wakati huohuo mzee wa mtaa na wakubwa wa ukoo wameshapanga siku ya kuwakalisha kitako. Baada ya muda wanapatana, wanaombana radhi, na kila mmoja anaamini kwamba jambo limekwisha. Kumbe faili bado iko mahakamani, na tarehe ya kusikizwa inapofika mshtakiwa hayupo, basi hakimu anatoa hati ya kumkamata. Maoni yangu ni kwamba wazee wana nafasi halali katika makosa madogo ya watu wanaojuana, na katika baadhi ya mambo hutenda kazi ambayo mahakama ya jinai haiwezi kuitenda. Hata hivyo, suluhu yao katika kesi iliyokwisha kufunguliwa haijakamilika mpaka ifike mbele ya hakimu, na yapo mashauri ambayo hayafai kuletwa barazani kabisa.

Nitatumia mfano wa kubuni, ingawa sidhani kama utakuwa mgeni kwa wakazi wa Kisauni au Majengo. Baba Mwislamu amefariki dunia na kuacha nyumba ya vyumba vya kupangisha, mjane mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja aliyeolewa Malindi. Kodi ya vyumba ni shilingi 24,000 kwa mwezi, na kaka mkubwa ndiye anayeikusanya. Mdogo wake anadai hesabu, maneno yanazidi, kisha anachukua ubao na kumpiga kaka yake kichwani. Kaka anashonwa hospitalini, anakwenda polisi, na mdogo anafunguliwa mashtaka ya kumpiga mtu na kumjeruhi.

Jambo la kwanza ambalo wazee wangepaswa kuuliza, na ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa, ni kile alichoandika daktari katika fomu ya P3. Daktari hutakiwa kueleza kiwango cha majeraha, na maelezo hayo huathiri moja kwa moja kifungu atakachoshtakiwa nacho mpigaji. Ikiwa ni jeraha la kawaida, kosa huwa chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inaweza kufika miaka mitano gerezani lakini sheria yenyewe imelitaja kuwa kosa la daraja la chini. Ikiwa daktari ameandika kwamba mtu ameumizwa vibaya, shauri huhamia kifungu cha 234, kosa la daraja la juu ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama wazee wana mlango wa kuingilia, kwa sababu kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyofikia daraja la juu wala kuzidi kwa ubaya, kwa sharti la fidia au masharti mengine yatakayokubaliwa na mahakama.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Wizi wa kawaida, hata wa kuku, ni kosa la daraja la juu chini ya kifungu cha 275, kwa hiyo hauingii katika mlango huo wa 176, ilhali kumpasua ndugu kichwa huenda kukaingia. Zaidi ya hayo, kifungu cha 118 kinamfanya mkosaji mtu yeyote anayepokea mali au manufaa kwa makubaliano ya kuficha kosa la daraja la juu. Mzee anayepokea pesa ili wizi usifike polisi hudhani anaponya mtaa, na kumbe anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe. Mashauri ya namna hiyo yana njia nyingine, ambayo ni kumwendea kiongozi wa mashtaka na kumwomba aangalie kama kesi inaweza kuondolewa au mshukiwa kushughulikiwa nje ya mahakama.

Turudi kwa ndugu zetu wawili. Mbele ya hakimu wa jinai, swali ni moja: je, imethibitishwa pasipo shaka ya maana kwamba huyu alimpiga yule kwa ubao? Kodi, hesabu na mirathi vitasikika pembeni tu, kama vitasikika. Mdogo akipatikana na hatia na kutozwa faini, fedha hizo huenda serikalini, na ingawa hakimu ana uwezo wa kuamuru fidia, hana uwezo katika kesi hiyo wa kusema nani akusanye kodi mwezi ujao. Ndugu hao watarudi kulala nyumba moja, chanzo cha ugomvi kikiwa kilekile, na sasa mmoja wao ana rekodi ya jinai itakayomsumbua atakapotafuta cheti cha mwenendo mwema ili aombe kazi bandarini au Ughaibuni. Wazee, kinyume chake, huanza na kodi. Humtaka kaka mkubwa alete daftari, na iwapo hana daftari humwuliza kwa nini hana, swali ambalo wakili wa upande wowote angelipinga kuwa halihusiani na shtaka. Nimeona mabaraza ambayo mlalamishi aliingia akidai fidia akatoka akiwa amekubali kwamba na yeye alikuwa na la kujibu, na sioni mahakama ya jinai ingewezaje kufika huko.

Lakini ni hapohapo kwenye kodi ndipo wazee wanapoharibu. Baraza la wanaume, likiwa na wanaume wawili wanaogombana mbele yake, hushawishika kugawa kodi nusu kwa nusu, 12,000 kwa huyu na 12,000 kwa yule, kisha Fatiha ikasomwa. Mama yao na dada yao wa Malindi hawakuitwa. Kwa mirathi ya Kiislamu, na tukichukulia kwamba hakuna warithi wengine na kwamba deni na wasia vimeshatolewa, mjane ana thumni, yaani shilingi 3,000 katika kila 24,000. Zinazobaki 21,000 hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke fungu moja, hivyo kila kaka ana 8,400 na dada ana 4,200. Suluhu ya nusu kwa nusu imewapatanisha wanaume wawili kwa kuchukua shilingi 7,200 kila mwezi za wanawake wawili ambao hawakumpiga mtu. Huo si uzito wa mila wala wa dini. Ni uvivu wa baraza, na ndiyo sababu kubwa inayonifanya nisikubali wanaodai kwamba wazee waachiwe mambo ya kifamilia bila mahakama kuyatazama.

Wazee wenye busara wangesimama kwenye mambo mawili tu: gharama za matibabu na namna ya kukusanya kodi kwa muda. Mgao wenyewe wangeupeleka kwa Kadhi, ambaye kwa Ibara ya 170 ya Katiba ana mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wanakubali kusikizwa naye. Kadhi naye hana mamlaka ya jinai, kwa hiyo hawezi kuifuta kesi ya ubao. Kwa hakika familia hii ina shauri moja lililogawanyika katika milango mitatu, na kazi bora ya baraza ni kuwaonyesha wahusika kila sehemu inaingilia mlango gani.

Makubaliano yakipatikana, yaandikwe siku hiyohiyo: nani analipa nini, lini, na nini kitafuata asipolipa. Wote wawili watie sahihi, mashahidi pia, na karatasi ipelekwe kwa kiongozi wa mashtaka kabla ya tarehe ya kesi. Mahakamani, mlalamishi asimame mwenyewe na kusema mbele ya hakimu kwamba amekubali kwa hiari yake. Kifungu cha 176 kinampa hakimu uwezo wa kuisimamisha kesi au kuikomesha, na watu wengi hawazingatii tofauti hiyo. Ikiwa fidia italipwa kwa awamu, mlalamishi aombe kesi isimamishwe tu mpaka awamu ya mwisho, kwa sababu kesi ikishakomeshwa na malipo yakakatika, kilichobaki mkononi mwake ni ahadi aliyopewa barazani. Wapo pia washtakiwa wanaoogopa kuomba radhi kwa wazee wakidhani maneno yao yatageuzwa kuwa ungamo. Sheria ya ushahidi ya Kenya haikubali ungamo la mshtakiwa litumike dhidi yake isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu au afisa wa polisi wa cheo maalumu, kwa hiyo hofu hiyo isimzuie mtu kusema ukweli barazani.

Wanaotaka baraza lipewe kila kitu hupenda kuitaja kesi ya mwaka 2013, ambapo Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini yao. Kesi hiyo ni ya kweli, lakini ombi lilitoka kwa upande wa mashtaka wenyewe, na uamuzi ule haukuwapa wazee mamlaka juu ya damu. Katiba, katika Ibara ya 159, inataka njia za jadi za kusuluhisha migogoro zikuzwe, na palepale inakataza zisitumike kwa namna inayokiuka Sheria ya Haki au sheria iliyoandikwa. Mtoto akinajisiwa, hakuna la kukalia kitako. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa mkuu wa mashtaka wa serikali, si wa baba wala wa chifu, na mzee anayempa mzazi wa mtoto pesa za kunyamaza anamsaidia mnajisi.

Panaponipa taabu zaidi ni kwa mke aliyepigwa na mumewe. Kofi moja linaweza kuhesabiwa kuwa shambulio la kawaida, na kifungu cha 176 hakimtaji mume wala mke. Lakini barazani mke huyo hukaa mbele ya mashemeji na wakwe, nyumba anayolala ni ya mume, ada ya shule ya watoto inatoka kwa mume, kisha anaulizwa kama amesamehe. Tangu mwaka 2015 kuna Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ambayo inamwezesha kuomba amri ya mahakama ya kumzuia mume asimguse. Sijasikia baraza likimwambia mwanamke kuhusu amri hiyo kabla ya kumwomba asamehe. Mpaka hapo watakapofanya hivyo, ningetaka kila hakimu anayeletewa karatasi ya suluhu ya mke na mume aiweke kando kwanza, awatoe nje jamaa wa mume, na amuulize mke mambo mawili: atalala wapi usiku wa leo, na ni nani aliyempa nauli ya kuja mahakamani.