Orodha ya Kazi Isiyosema Nani Afanye

Msomaji ananiuliza: "Bosi amenirudishia barua pepe akisema orodha yangu ya kazi haina ulinganifu. Kila nukta ilikuwa Kiswahili safi na ilieleweka. Nukta moja ikianza na 'kutuma' na nyingine na 'mpigie', nani anaumia?"

Mimi niliumia. Nilikuwa kwenye ofisi moja ya usambazaji hapa Industrial Area, na tarehe 18 asubuhi niliwaandikia wenzangu wanne hivi:

Ninaomba yafuatayo kabla ya Ijumaa:
- Kutuma ankara kwa mteja wa Thika
- Ritani ya VAT
- Mpigie dereva wa Naivasha
- Stoo ihesabiwe
- Karani anafuatilia kreti zilizobaki Ruiru

Ritani ya VAT inatakiwa iwe imeingia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo zilibaki siku mbili. Dakika kumi baadaye mhasibu alinijibu: "Hiyo hapo." Alikuwa ameambatisha nakala ya ritani ya mwezi uliotangulia. Niliona jibu limekuja, nikajua kazi imekwisha. Kiambatisho nilikifungua asubuhi ya tarehe 20.

Mhasibu hakukosea. Soma sentensi ya kuongoza pamoja na nukta ile: "Ninaomba ritani ya VAT." Anayeomba ritani anapewa ritani. Nukta nyingine zilikuwa na vitenzi, hii ilikuwa jina tupu, na jina halisemi kama kitu kiletwe, kitengenezwe au kimeshapelekwa. Jaribio ni hilohilo: rudia sentensi ya kuongoza mbele ya kila nukta. "Ninaomba kutuma ankara" inageuka kuwa mimi naomba ruhusa ya kutuma. "Ninaomba mpigie dereva" inapita, ila kati ya watu wanne, nani ampigie? "Ninaomba stoo ihesabiwe" ni sarufi isiyo na doa, lakini mhesabuji hayumo. Ijumaa stoo haikuwa imehesabiwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotofautiana na ushauri wa kawaida kuhusu ulinganifu, kwamba nukta zote zianze kwa umbo moja. Kwetu mtendaji amebebwa na kiambishi cha mbele ya kitenzi: atume, utume, watume. Ukibadilisha umbo katikati ya orodha, unamtoa mtu na kumrudisha bila kujua.

Lakini upande wako nao una uzito, na watetezi wa ulinganifu huupita haraka mno. Mara nyingi mchanganyiko unatokana na heshima. Mzee wa stoo analingana na baba yangu. Kumwandikia "Hesabu stoo" mbele ya vijana nisingeweza. Ndiyo maana nikaandika "ihesabiwe", amri isiyomgusa mtu. Kwa mhasibu nikakwepa kitenzi kabisa. Kwa kijana wa mapokezi nikaandika "mpigie" bila kufikiri. Bosi akiniambia nilinganishe zote kwa "tuma, piga, hesabu", ananidai adabu yangu.

Umbo linalotosheleza pande zote mbili ni lile linalofuata "ninaomba": mhasibu awasilishe, mapokezi wampigie dereva, mzee wa stoo ahesabu mizigo. Ni ombi, na kila mmoja anajiona. Usidanganywe na mwisho wa neno: "ahesabu" haina -e kwa sababu hesabu, kama jibu na rudi, haibadilishi irabu yake ya mwisho. Tazama kichwa cha kitenzi. Umbo hili pia linabeba katazo bila kuvunjika, "mhasibu asilipe ankara ya pili", ilhali orodha ya "kutuma, kulipa" ingekulazimisha uandike "kutolipa", neno zito kwenye orodha ya kazi.

Orodha unayojiandikia mwenyewe haihitaji haya yote, kwa kuwa mtendaji ni mmoja. Vivyo hivyo barua ya mtu mmoja yenye nukta mbili. Hapo nadhani bosi wako angekuwa anasumbua tu.

Nukta ya tano ndiyo iliyonifundisha kuogopa kulinganisha kwa nguvu. Karani alikuwa ameanza kufuatilia zile kreti tangu wiki iliyotangulia; niliandika ili wengine wajue. Nilipoirekebisha orodha nikaandika "Karani afuatilie kreti", ikalingana sawasawa, naye akaja mezani kwangu na simu mkononi kunionyesha mara alizompigia mteja. Alidhani namwambia hajaanza. Tofauti ya umbo ilikuwa inasema kweli: ile haikuwa kazi mpya, ilikuwa habari. Sasa habari za namna hiyo naziandika chini ya orodha, katika sentensi yake: "Kreti za Ruiru, karani anaendelea kuzifuatilia."