"Hatari: chini." Halafu?

Juzi nilipokea mgonjwa aliyehamishwa kutoka kliniki moja ya hapa Nairobi. Alikuja na bahasha ya kaki, ndani kurasa tatu. Shinikizo la damu limeandikwa, uzito umeandikwa, hata ugonjwa wa sukari wa marehemu babake umeandikwa. Kuhusu sonona iliyompeleka huko, kulikuwa na sentensi nne. Ziliandikwa kwa kile Kiingereza chetu cha hospitali, lakini Kiswahili chake ni hiki: "Anakana mawazo ya kujiua. Hatari: chini. Ameahidi hatajidhuru. Arudi baada ya wiki 2."

Nilizisoma mara mbili nikitafuta mtu ndani yake. Sikumpata.

Nianze na hilo neno "anakana". Anayekana ni mshtakiwa, pale Milimani, mbele ya hakimu. Na kwa kweli hapa kwetu mgonjwa wa namna hii alikuwa mshtakiwa kwa miaka mingi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Sheria imeanguka, kalamu zetu bado zinaandika kama karani wa korti. Noti haisemi mgonjwa aliulizwa nini, wala alijibu vipi. Inasema amekana, kesi imefungwa, mwingine aingie.

Nikamuuliza mwenyewe. (Huniita daktari. Mimi ni mshauri nasaha, na nimechoka kumrekebisha.) Kwani kule hukuulizwa?

"Niliulizwa, daktari. Aliniambia, 'Huna mawazo mabaya, sivyo?' Nikasema sina. Alikuwa ashaita namba ya mwingine."

Wewe ungejibu nini? Swali limebeba jibu lake mgongoni. Na kilichonipandisha damu zaidi ni karatasi ya PHQ-9, lile dodoso la kupima sonona, iliyobanwa kwa stepla nyuma ya hizo kurasa. Ilikuwa imejazwa asubuhi hiyohiyo kwa mkono wa mgonjwa. Mtu alikuwa amejumlisha alama vizuri sana, 17, akapigia mstari. Hakutazama swali la 9, lile la kuona heri ufe au kufikiria kujidhuru. Mgonjwa alikuwa ametia 2, yaani zaidi ya nusu ya siku za wiki mbili zilizopita. Kwa hiyo kwenye bahasha moja karatasi inasema ndiyo na noti inasema hapana, na aliyeaminiwa ni noti.

Najua nitaambiwa kuhusu foleni. Sawa, foleni ipo. Barbara Stanley na Gregory Brown, waliobuni mpango wa usalama tunaoutumia, wanasema wenyewe unachukua dakika 20 hadi 45, na kuna kliniki ambazo dakika 45 ni wagonjwa watano. Nalikubali hilo, ingawa shingo upande. Lakini kuuliza swali lililonyooka hakuchukui dakika 45. Nilimwambia hivi: watu wakilemewa kama ulivyolemewa, wengine hufika mahali pa kutamani walale wasiamke, wewe umefika hapo? Akanyamaza, akasema "nimefika." Umefikiria kujiua? "Ndiyo." Kwa njia gani? Lini mara ya mwisho? Kuna kitu umetayarisha? Nini kilikuzuia? Na kwa wale wanaoogopa kwamba kuuliza kunampa mtu wazo: wazo alikuwa nalo kabla hajapanda matatu kuja kwako.

Haya, nini kiliingia kwenye noti yangu? Maelezo nimeyabadilisha ili asijulikane, ila umbo ni lilelile. Ana miaka arobaini na kitu, anauza viatu vya mitumba, kibanda kiliungua, mkopo haukuungua. Mawazo huja karibu kila usiku, yanazidi baada ya saa nane. Njia aliyoifikiria imeandikwa wazi kwenye faili. Kule ina kazi, hapa haina. Kifaa kilikuwa nyumbani. Hajawahi kujaribu. Kilichomzuia Jumapili ni bintiye aliyekohoa usingizini, na hilo nimeliandika kwa maneno yake mwenyewe.

Sikuandika "chini", wala "kati", wala "juu". Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, ilishasema kwenye mwongozo wake wa mwaka 2022 kwamba tusiwapange watu kwa madaraja hayo ili kubashiri nani atajiua, kwa sababu hayabashiri. Niliandika kwamba hali yake ni mbaya kuliko yake mwenyewe ya mwezi uliopita, na kwamba itazidi kuwa mbaya vitu viwili vikitokea: wenye mkopo wakija kuchukua vyombo tarehe 5, au mkewe akienda mashambani na watoto. Atakayelisoma faili hilo tarehe 6, hata kama hajawahi kumwona, anajua aulize nini.

Kisha mpango wenyewe. "Ameahidi" si mpango. Ahadi humtuliza anayeandika, na humfanya mgonjwa aone haya kukueleza siku atakayoshindwa kuitimiza. Mpango huanza na dalili zake yeye: akianza kuhesabu deni gizani, na akizima simu. Kisha anachoweza kufanya peke yake. Alitaka kuandika "kuomba" kwa kuwa alidhani ndicho ninachotaka kusikia. Nikamuuliza kama huwa anaweza kuomba saa nane usiku. Akacheka kwa mara ya kwanza, akasema hawezi, ila huweza kushona soli. Tukaandika kushona soli. Kisha mahali pa kwenda kukaa na watu bila kulazimika kujieleza: kwa bawabu wa ploti, ambaye hukesha na redio. Kisha wa kuwaambia ukweli: dadake wa Umoja, na kakake. Kisha wataalamu: mimi, kitengo cha dharura cha hospitali ya Mathari, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haihitaji salio. Hilo la salio usilidharau. Nimeona mipango mizuri ya watu wasio na shilingi kumi kwenye simu.

Mwisho, kuifanya nyumba iwe salama. Hapa ndipo noti nyingi huandika "familia imeshauriwa". Familia ni nani? Nilimwomba ruhusa, nikampigia dadake tukiwa wote watatu kwenye laini. Kile kifaa kilitoka nyumbani kabla ya saa moja jioni, na saa hiyo imeandikwa. Fluoksetini, dawa yake ya sonona, anapewa ya wiki moja moja, dadake ndiye anayeitunza. Dawa hiyo kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya nafuu kuonekana, ndiyo maana ule "arudi baada ya wiki 2" ulinichoma: ulimwacha peke yake katika kipindi ambacho dawa haijaanza kumsaidia. Nilimpigia kesho yake, na tena siku ya tatu. Katika utafiti wa Stanley, Brown na wenzao wa mwaka 2018, mpango pamoja na simu za kufuatilia uliendana na upungufu wa asilimia 45 wa matendo ya kujiua kwa miezi sita. Ni mpango pamoja na simu. Karatasi pekee haikupimwa pale.

Karatasi yake ilipotea wiki ileile, lakini alikuwa ameipiga picha. Kikao cha tatu alinionyesha hiyo picha na kuniomba nifute jina la kakake.

"Huyo hashiki simu usiku, daktari. Nilijaribu."

Nikaulizia usiku huo kwanza, wote, kuanzia saa aliyoamka. Kisha nikamkata kakake kwa mstari mmoja, nikaandika tarehe pembeni, na juu yake jina la bawabu.