Hiyo kazi ya websaiti ya elfu nane, hesabuni masaa kwanza

Binamu yangu wa Kondele alinitumia tangazo la kazi juzi usiku akaniuliza, aombe ama aache. Kampuni ndogo hapa Kisumu, inauza pampu za maji, inatafuta mtu wa pati-taimu wa kuapdeti websaiti, lisaa limoja kwa siku Jumatatu hadi Ijumaa, mshahara 8,000 kwa mwezi. Majukumu wameandika hivi: kubadilisha bei, kuweka picha za bidhaa mpya, kuandika makala mbili kwa mwezi, kuhakikisha websaiti iko hewani wakati wote, kuposti Fesibuku na kujibu wateja Watsapu.

Mimi nimefanya hii kazi miaka kadhaa, kwa hivyo nilichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja kwa simu. Pampu ziko kama 40 na bei zinabadilishwa kila wiki, na kila pampu ina ukurasa wake, so kuufungua, kubadilisha, kusevu na kuangalia kwa simu kama imeingia ni dakika 3 hivi. Hayo ni masaa 2 kwa wiki, 8 kwa mwezi. Bidhaa mpya tuseme 10, na hapa watu hudhani ni kupakia tu picha, lakini picha ya simu inakuja na MB 4 na mteja wa kule Bondo mwenye bando ya 20 bob hatangoja ifunguke, kwa hivyo lazima uikate na uipunguze hadi chini ya KB 200, alafu uandike maelezo ya pampu, inavuta maji futi ngapi, inatumia umeme ama sola. Dakika 20 kila moja, masaa 3 na kitu. Makala mbili za maana ni masaa 8 ju lazima umuulize fundi. Ongeza masaa 2 ya bakapu na kuapdeti plagini, vile viprogramu vya kuongezea websaiti uwezo.

Jumla inakuja masaa 21, na lisaa limoja kwa siku kwa mwezi ni karibu hayo hayo. 8,000 ukigawa kwa 21 ni kama 380 kwa lisaa. Kwa mtu anayeanza sioni shida hapo, na nilimwambia hivyo.

Shida ni Watsapu. Mteja wa pampu haulizi mara moja, anauliza bei, alafu kama mnaleta hadi Ahero, alafu anatuma picha ya kisima saa tatu usiku. Hata ukiweka lisaa moja tu kwa siku, siku 6 kwa wiki, hayo ni masaa 26 zaidi na bado hujaposti kitu Fesibuku. Sasa ni masaa 47 na ile elfu nane imekuwa 170 kwa lisaa, na bando ni yako. Hiyo ni kazi ya mtu wa mauzo imefichwa ndani ya kazi ya websaiti, na mi naona si haki kabisa.

Ya pili ni hiyo "iko hewani wakati wote", na hii iliniuma mimi mwenyewe. Kampuni moja niliyofanyia, websaiti yao ilizimika siku nne ju hosting, yaani pale websaiti inakaa mtandaoni, haikulipwa, na barua pepe za kukumbusha zilikuwa zinaenda kwa kijana aliyeondoka zamani, domeini, yaani anwani ya websaiti, pia ilikuwa kwa jina lake. Mimi sikuwa hata na paswadi ya kuingia huko lakini nilikatwa mshahara. Kwa hivyo kabla ya kusaini uliza domeini ya .co.ke iko kwa jina la nani, na hosting inalipwa na nani tarehe gani.

Na ulizia utapewa akaunti gani ndani ya WordPress, ile programu ya kuendesha websaiti. Hawa hawauzi mtandaoni, bidhaa ziko kwa kurasa za kawaida, so akaunti ya Editor inatosha kubadilisha bei na picha. Lakini Editor haiwezi kuapdeti plagini, hiyo inataka Administrator, na ukiapdeti ikagoma utaona "There has been a critical error on this website" na huenda hata kuingia ndani ushindwe. Dawa yake ni kuingia kwa faili za hosting na kubadilisha jina la folda ya hiyo plagini ndani ya `wp-content/plugins`, inazimika yenyewe na websaiti inarudi. Kama hawakupi hiyo njia ya kuingia kwa faili basi wasikuandikie jukumu la plagini.

Binamu aliwapigia asubuhi. Watsapu wamekubali kuitoa, abaki na posti mbili kwa wiki. Kuhusu domeini yule mama wa ofisi alinyamaza kidogo, akasema hajui iko kwa jina la nani, atauliza. Nimemwambia asisaini hadi huyo mama arudi na jibu.