Kuvunja noti ndefu: kichwa cha kinoti ndo kinaamua

Wanaopinga kuvunja noti ndefu za utafiti kuwa vinoti vidogo wana hoja nzito, kwamba ukikata unapoteza mtiririko, sababu inabaki huku na matokeo kule. Kweli hutokea. Ila mara nyingi wanacholaumu ni ukataji mbovu, na huo unaanzia kwenye kichwa.

Chukua noti ndefu ya utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa 2006. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha wengine wakakirudia na wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia waliongoza, 81% kwa 75%, baada ya wiki mambo yakageuka, 42% kwa 56% ya waliojipima.

Sasa mtu anakata kinoti anakiita "Kujipima". Hiyo ni mada tu, atarundika humo kila kitu mpaka kirudi kuwa noti ndefu. Mwingine anaandika "Kujipima kunashinda kurudia kusoma", afadhali maana ni dai, lakini muda ameuacha nje na muda ndo utafiti wenyewe, siku akililinki kwenye makala ya mtu anayepitia kitabu dakika chache kabla ya mtihani atakuwa amepotoshwa na noti yake mwenyewe. Kichwa kinatakiwa kibebe sharti:

```
[[Kujipima kunashinda kurudia kusoma mtihani ukiwa wiki moja mbele]]
```

Na yale matokeo mawili, ya dakika 5 na ya wiki, yakae kinoti kimoja. Mtu akikifungua kutoka kwenye linki bila kusoma kingine chochote, kinasema ukweli? Kama hapana, umekata kupita kiasi.

Lakini kuna kitu kwenye jaribio lao la pili kinachostahili kukatwa kabisa: waliorudia kusoma tena na tena walitabiri kwamba watakumbuka zaidi, na wiki ilipopita ndo walikumbuka kidogo. Ndani ya noti ndefu hiyo ni sentensi moja imejificha. Ikiwa kinoti chake, "Kujiamini kwamba utakumbuka hakuthibitishi kwamba utakumbuka", unaweza kukilinki hata kwenye noti zako za ushahidi wa mahakamani, na ukikifungua kwenye programu ya noti ya Obsidian, sehemu ya baklinki, yaani noti zinazokilinki, inakuonyesha mtihani na shahidi wamekutana hapo, kitu ambacho hukukipanga. Mi hapo ndo naona faida yote ya hii kazi. Ila andika sentensi ya sababu pembeni ya linki, maana linki tupu baada ya miezi haikwambii kwa nini uliiweka.

Mtiririko nao usiutupe, ibakize noti ndefu iwe sentensi zako zinazounganisha linki kwa mpangilio wa hoja. Na kama utafiti ni wa ripoti moja tu halafu basi, usikate. Luhmann, mwanasosholojia Mjerumani anayetajwa sana kwa vinoti vyake, aliacha kadi kama 90,000, lakini alizirudia kwa miongo kadhaa, na linki zinalipa kwa mtu anayerudi.