Sehemu A na Sehemu B ni swali moja

Karatasi za mazoezi ya kompyuta ninazosahihisha karibu zote zina sura moja. Sehemu A: geuza namba za binari ziwe heksadesimali. Sehemu B: jaza jedwali la ukweli la mageti ya mantiki. Katikati umepigwa mstari. Mwanafunzi akiuvuka, yote aliyoyafanya juu anayaacha huko huko. Mimi mstari huo ningeufuta.

Tazama jedwali lenye maingizo matatu: A, B na C. Lina mistari minane, na wapo wanaoiandika kadiri inavyowajia kichwani. Mwishoni unakuta 101 imeandikwa mara mbili na 110 haipo kabisa. Kumbe mistari hiyo si kitu kingine ila kuhesabu kwa binari kutoka 0 hadi 7: 000, 001, 010, mpaka 111. C inabadilika kila mstari, B kila baada ya mistari miwili, A kila baada ya minne. Aliyeelewa Sehemu A hana sababu ya kuruka mstari.

Basi tusonge mbele kidogo. Chukua safu moja ya jedwali, uisome kutoka chini kwenda juu kama namba ya biti nane. Mstari wa 7 unakuwa biti ya kwanza kushoto, yenye thamani 128. Mstari wa 0 unakuwa ya mwisho kulia, yenye thamani 1. Safu ya A inasomeka 11110000. Igawe katika vikundi vya biti nne nne, 1111 ni F na 0000 ni 0, kwa hiyo A ni F0. Vivyo hivyo B ni CC, na C ni AA.

(Vikundi huanzia kulia, jamani. Kwenye biti nane huwezi kuona tofauti, lakini 1011010 ukiikata kuanzia kushoto utapata B2, wakati jibu ni 5A. Kulitambua kosa ni rahisi: biti saba haziwezi kuvuka 127, na B2 ni 178.)

Sasa swali ambalo limenifanya niandike haya yote. Ni saketi ya kawaida, ile inayotoa tarakimu ya kubeba unapojumlisha biti tatu:

```
X = (A AND B) OR (C AND (A XOR B))
```

Safu ya X inatoa 1 kwenye mistari ya 3, 5, 6 na 7. Kutoka chini kwenda juu ni 11101000, yaani E8. Mwanafunzi mmoja alileta jibu hilo hilo bila kosa, nikampa alama zote. Baadaye tukizungumza nikagundua kwamba kwake XOR na OR ni kitu kimoja. Alipatia vipi?

Tufuatane na namba. A XOR B ni 3C. Ukiiunganisha na C kwa AND unapata 28. A AND B ni C0, na C0 OR 28 ni E8. Yeye aliandika A OR B, ambayo ni FC. Hiyo na C kwa AND inatoa A8, na C0 OR A8 ni... E8 tena. XOR na OR zinatofautiana pale tu ambapo A na B zote ni 1, mistari ya 6 na 7, na mistari hiyo tayari imeshapewa 1 na A AND B. Kosa lake lilifunikwa na upande wa pili wa saketi.

Ndiyo maana siku hizi sikubali jedwali lenye safu ya X peke yake. Nataka kila geti lipewe safu yake, na chini ya kila safu iandikwe namba yake ya heksadesimali. Wengine hulalamika kwamba ni kazi ya ziada. Ni kweli, lakini ni tarakimu mbili tu kwa kila safu, na macho yangu yanaiona FC mahali pa 3C upesi kuliko yanavyoweza kupekua sifuri na moja zilizoandikwa kwa penseli. Zaidi ya hapo, mwanafunzi anaweza kujisahihisha mwenyewe kwa Python:

```
print(hex(0xF0 ^ 0xCC))
print(hex((0xF0 & 0xCC) | (0xAA & (0xF0 ^ 0xCC))))
```

Mstari wa kwanza unatoa `0x3c`, wa pili `0xe8`. Alama ya `^` ndiyo XOR. Akiweka `|` mahali pake, mstari wa pili hautabadilika hata kidogo, ila wa kwanza utamwambia `0xfc`.