Ramadhani ijayo, tusirudi kwenye mtoano

Mwaka jana jozi kumi na sita zilijiandikisha kwenye mashindano ya karata ya barazani kwetu hapa Unguja. Tulicheza wahedi wa sitini kwa mtoano, usiku baada ya tarawehe. Usiku wa kwanza wazee wawili ambao ndio waliotufundisha mchezo huu walipangwa na vijana wakali kuliko wote mtaani. Wakafungwa michezo mitano kwa bila, haikufika hata nusu saa. Mmoja alikunja msuli wake, akavaa makubazi, akaniambia: "Mwanangu, mimi nimekuja kucheza. Nilidhani nitacheza." Usiku wa pili hakuja. Usiku wa tatu walibaki wachezaji wanane tu na mikeka mitupu.

Mwaka huu tulitumia mfumo wa Uswisi. Kwa kuwa tayari wapo wanaotaka turudi kwenye mtoano, naeleza kwa nini mimi sitaki.

Kwanza niondoe mkanganyiko. Wengi wamelisikia jina hili tangu mwaka 2024, Ligi ya Mabingwa Ulaya ilipoacha makundi. Ule si mfumo wa Uswisi kamili, maana kila timu inawajua wapinzani wake wote nane kabla mpira haujaanza. Mfumo wenyewe ulianzia kwenye sataranji, mjini Zurich, mwaka 1895, na sharti lake kubwa ni kwamba mpinzani wako wa leo anatokana na matokeo yako ya jana. Mwenye ushindi mmoja anapangwa na mwenye ushindi mmoja, asiye na kitu anapangwa na asiye na kitu. Hakuna anayetolewa, na hakuna jozi zinazokutana mara mbili. Basi.

Kwa jozi kumi na sita hesabu inatoka vizuri ajabu. Baada ya usiku wa kwanza jozi nane zina ushindi na nane hazina. Usiku wa pili ukiisha, nne zimeshinda mara mbili, nane mara moja, nne bado. Baada ya usiku wa tatu zinabaki jozi mbili tu ambazo hazijafungwa, na hizo ndizo zinazokutana usiku wa nne. Kwa hiyo anayesema Uswisi hauna fainali hajaufuatilia hadi mwisho. Fainali ipo, na imejileta yenyewe, huku mapambano mengine saba nayo yanachezwa usiku huohuo.

Mtaani kwetu uwezo haulingani hata kidogo. Kuna wanaohesabu kila karata iliyoshuka na kujua nani ameshika saba ya turufu, na kuna wanaojifunza mwaka huu kwamba ree ina alama kumi na moja. Kwenye mtoano tofauti hiyo inamwumiza mnyonge usiku wa kwanza, hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana ni kwamba inamwumiza pia wa pili kwa ubora. Tuseme jozi bora na inayoifuatia zinatupwa kwenye kofia pamoja na nyingine. Jozi bora ikishachukua nafasi yake, zimebaki nafasi kumi na tano, na saba kati ya hizo ziko upande wake wa ratiba. Ina maana, hata kama kila mkubwa atamfunga kila mdogo bila kukosea, karibu nusu ya wakati wa pili kwa ubora hataiona fainali kabisa. Atakutana na bingwa mapema, atatoka, na zawadi ya pili itachukuliwa na jozi iliyopata njia nyepesi. Mwaka jana ndivyo ilivyokuwa, na maneno yake hayajaisha mpaka leo.

Halafu hii ni karata. Ukigaiwa karata mbovu, ujuzi wote unabaki kupunguza hasara tu. Jozi yenye uwezo wa kushinda mapambano sita katika kila kumi ni nzuri sana, lakini kushinda manne mfululizo ni jambo la mara kumi na tatu hivi katika mia. Uswisi hauondoi bahati, na sitadanganya kwamba bingwa wake ni lazima awe bora kuliko wote. Ila usiku mmoja mbaya haukufukuzi. Unashuka ngazi moja, kesho unapanda.

Kazi kubwa iko kwenye daftari. Mimi huandika kila jozi kwenye mstari wake, halafu safu mbili: ushindi, na majina ya wapinzani iliokwisha kukutana nao. Kila usiku nazipanga kuanzia juu. Nikiona jozi mbili za ngazi moja zimeshakutana, naibadilisha moja na ya jirani yake. Jozi zikiwa hazigawanyiki kwa mbili, ya chini kabisa ambayo haijawahi kupumzishwa hupumzika na kupewa ushindi. Tulikuwa na pakiti nne za karata, kwa hiyo tulicheza zamu mbili kila usiku. Mchezo ukiisha sitini kwa sitini tunaurudia, maana alama ziko 120 na bila 61 hakuna mshindi.

Mgogoro ulikuja kwenye nafasi ya pili. Jozi nne zilimaliza na ushindi mara tatu. Vijana wa duka la simu walitaka tuangalie nani kafunga michezo mingi, kwa kuwa wao waliwafunga watu tano kwa bila mara mbili. Nilikataa, na ningekataa tena. Uwezo usipolingana, tano kwa bila inaeleza zaidi ulipangwa na nani kuliko unachezaje. Tulichofanya ni kujumlisha ushindi wa wapinzani wa kila jozi. Vijana hao walifungwa usiku wa kwanza, wakashuka chini na kupanda kwa kuwafunga wanyonge: wapinzani wao walimaliza na ushindi mara 2, 1, 2 na 2, jumla saba. Jozi iliyofungwa fainali ilikutana na wapinzani waliomaliza na 1, 2, 3 na 4, jumla kumi. Ushindi wao ni sawa, lakini njia zao hazifanani. Kosa langu ni kwamba kanuni hii niliitangaza usiku wa nne badala ya wa kwanza, na hapo vijana walikuwa na haki ya kulalamika.

Kuna hali moja ambayo ningekubali mtoano. Mapambano yetu yalikuwa thelathini na mawili, mtoano ungetaka kumi na tano tu. Kama mna usiku mmoja na pakiti mbili, hamna la kufanya. Sisi tuna Ramadhani nzima.

Na wale wazee? Mwaka huu kofia iliwapanga usiku wa kwanza na vijana walewale wa mwaka jana. Wakafungwa tano kwa moja. Wakafungwa na usiku wa pili, na wa tatu. Usiku wa nne walikaa mkeka wa mwisho, karibu na birika la kahawa, dhidi ya watoto wawili wa sekondari ambao nao hawakuwa na ushindi. Ikafika nne kwa nne. Mchezo wa mwisho yule mzee aliishikilia ree ya turufu mpaka mkono wake ukabaki na karata mbili, watoto wakadhani imeshapita, wakashusha saba ya kopa. Aliipiga mkekani kwa kishindo, watu wa fainali wakageuza shingo. Sitini na tisa. Alikaa hadi daku, akiwaonyesha watoto wale walipokosea.